Poligoni za magugumaji Ghuba ya Mwanza: nilainishe ngazi kwanza au nipige hekta kwanza?

Kipimaziwa

Mwangaluka wakuu. Nina rasta ya Sentinel-2 ya Ghuba ya Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi kupita Kigongo na Busisi. Nchi kavu nimeshaifunika, ndani ya ziwa nimeainisha madaraja mawili tu: 1 ni magugumaji, 0 ni maji. Pikseli ni mita 10, projeksheni EPSG:32736. Nimegeuza kuwa poligoni hivi:

```
gdal_polygonize.py gugu.tif -f GPKG mabaka.gpkg mabaka daraja
```

Nikabakiza zenye daraja 1. Kingo zake zote ni ngazi ngazi, na ramani inakwenda kwa watu wa kuopoa magugu ambao wataiona kwenye simu wakiwa ndani ya boti. Wanataka na jedwali la hekta kwa kila baka. Kwa hiyo nikapitisha zana ya `Smooth` ya QGIS, iterations 5, offset 0.25. Kwa macho imependeza.

Shida ni hesabu. Kabla ya kulainisha jumla ilikuwa hekta 214.36. Baada ya kulainisha imeshuka karibu na 203. Mabaka madogo ndiyo yaliyoumia zaidi: lipo moja mbele ya Luchelele, pikseli tatu kwa mbili, lilikuwa mita za mraba 600 na sasa linasoma 500.1. Sijahamisha mpaka wowote kwa mkono. Hekta ipi niandike kwenye jedwali?

Baba Kulwa

Mkuu, kulainisha hakupunguzi eneo. Kila ngazi ina kona inayochomoza na kona inayobonyea. Inayochomoza inakatwa, inayobonyea inajazwa, zinafidiana. Ukiona eneo limeshuka kiasi hicho tafuta kosa kwenye projeksheni. Umetumia `$area` au `area($geometry)`? Hizo mbili hazitoi jibu moja.

Kipimaziwa

Nimetumia `area($geometry)` kote, kabla na baada. Nikijaribu `$area` zote mbili zinapanda kidogo sana, pengo kati yake linabaki palepale.

Mkulima wa Magu

Hata mimi yamenikuta haya. Nilizunguka jaruba langu la mpunga na simu mkononi, nikapata ekari moja na robo, jirani akazunguka na yake akapata ekari moja kasoro. Nadhani simu ndizo zinadanganya. Tumia kamba, mkuu, kamba haidanganyi.

Mchoraramani

Mkulima, kwako tatizo ni GPS ya simu kuyumba mita kadhaa kila hatua, na kwenye jaruba dogo mita hizo ni nyingi. Hapa hakuna aliyetembea. Mpaka umetoka kwenye pikseli, na kila pikseli inajulikana ilipo. Fungua uzi wako tutakujibu vizuri.

Baba Kulwa, suala la `$area` lipo lakini ni dogo. `area($geometry)` inapima juu ya karatasi ya UTM, `$area` inapima juu ya umbo la dunia uliloweka kwenye mradi. Mwanza iko karibu kabisa na mstari wa kati wa zoni 36, nyuzi 33 mashariki, na pale UTM inafupisha urefu kwa 0.9996. Kwa eneo inakuwa upungufu wa asilimia 0.08. Kwenye hekta 214 ni kama 0.17. Haiwezi kumeza hekta 11.

Kuhusu kona kufidiana, umegusa jambo la kweli ila umeishia katikati. Naomba nieleze kwa kutumia baka hilohilo la Luchelele.

Zana ya `Smooth` inafanya hivi: kwenye kila kona inarudi nyuma robo ya urefu wa upande wa huku, robo ya urefu wa upande wa kule, inaunganisha, na ile pembetatu inatupwa. Ukirudia, inakata kona mpya zilizozaliwa, na kila awamu inakata robo ya ilichokata awamu iliyotangulia. Sasa angalia: ni robo ya urefu wa upande, si robo ya pikseli. `gdal_polygonize` haiweki nukta kwenye kila pikseli, inaweka pale mpaka unapogeuka tu. Kwa hiyo baka lako la tatu kwa mbili lina nukta nne tu, pande za mita 30 na mita 20. Awamu ya kwanza kila kona inapoteza 7.5 kwa 5 gawa kwa 2, yaani 18.75. Kona nne ni 75. Umebaki na 525. Ukiendelea kurudia unafika 500 na hapo panasimama. Ndiyo 500.1 yako.

Mstatili wowote, uwe wa pikseli sita au elfu sita, kwa njia hiyo unapoteza asilimia 12.5 awamu ya kwanza na kuishia asilimia 16.7. Ndiyo maana hata mabaka makubwa yenye ukingo ulionyooka, hasa yale yaliyosukumwa na upepo yakakaa sambamba na ufukwe, yanaliwa sana.

Dawa ya sehemu hiyo ni kuongeza nukta kwanza. Tumia `Densify by interval`, weka 10.01, si 10 kamili, ili upande wa mita 10 usije ukapasuliwa tena. Sasa kila upande ni vipande vya mita 10, na kila kona inakata kiasi kilekile: 3.125 awamu ya kwanza, hadi 4.17 mwishoni. Inayobonyea inajaza kiasi hichohicho. Hapa ndipo maneno ya Baba Kulwa yanakuwa kweli: zinafidiana. Lakini haziishi zote. Chukua karatasi ya mirabaraba, chora umbo lolote unalotaka kwa kufuata mistari, lipindepinde kadiri unavyoweza, kisha hesabu kona. Zinazochomoza zitazidi zinazobonyea kwa nne, kila mara, maana mpaka lazima uzunguke na kujifunga. Hizo nne hazina wa kuzifidia.

Kwa hiyo kila pete ya nje inapoteza mita za mraba 16.7, basi. Baka la pikseli moja linabaki na 83.3. Hilo la Luchelele linabaki na 583.3. Baka la hekta 40 nalo linapoteza 16.7 hizohizo, huwezi hata kuziona. Na tobo la maji ndani ya baka linafanya kinyume: pete ya ndani nayo inasinyaa, kwa hiyo magugu yanaongezeka 16.7.

Unaweza kuthibitisha mwenyewe. Kwenye tabaka la poligoni ambalo hujalainisha, andika hii:

```
(1 - num_interior_rings($geometry)) * 100 / 6
```

Jumlisha safu yote. Hiyo ndiyo hasara utakayoiona ukilainisha vizuri. Ikitofautiana sana na unachopata, kuna hatua umeiruka.

Kipimaziwa

Nimefanya. Mabaka 1,180, matobo 240. Hesabu ya fomula inatoa hekta 1.57. Nimeongeza nukta kwa 10.01, nikalainisha awamu 5 zilezile, jumla ikasoma 212.79 kutoka 214.36. Imelingana hadi senti!

Sasa bado swali langu la kwanza. 214.36 au 212.79? Nikiangalia ramani, lililolainishwa linafanana zaidi na magugu ninayoyaona nikiwa kwenye maji. Hakuna baka lenye kona za mraba ziwani. Sasa si ina maana 212.79 iko karibu zaidi na ukweli?

Mchoraramani

Kufanana kwa umbo si ushahidi wa eneo. Fikiria baka la duara. Mpaka wake unapita katikati ya pikseli nyingi. Zile ambazo magugu yamezidi nusu zimeingia, zile yaliyopungua nusu zimeachwa. Zilizoingia zimebeba maji kidogo, zilizoachwa zimeacha magugu kidogo, na kwa wastani vinakaribiana. Hesabu ya pikseli kwa hiyo haielemei upande mmoja kwa sababu ya ngazi. Ukilainisha unakata 16.7 kwa kila baka, daima upande wa kupunguza, na hakuna kitu chochote kwenye picha kilichokuambia ukate. Ni kanuni ya zana tu.

Ubaya wake unafuata idadi ya mabaka, haufuati hekta. Chukua tarehe mbili zenye eneo lilelile la magugu: moja upepo umeyakusanya kwenye baka moja, nyingine mawimbi yameyatawanya vipande mia tano. Ukipima baada ya kulainisha, ile ya pili itapungua karibu hekta 0.83 na utaandika kwamba magugu yamepungua. Hayajapungua. Yamekatika vipande.

Ninachofanya mimi: safu ya hekta naijaza kwenye poligoni za ngazi, naipa jina `ha_pikseli`, ndipo nalainisha. Zana ya `Smooth` inabeba safu zote kama zilivyo. Ramani inaonyesha umbo laini, jedwali linasoma namba ya pikseli. Ila nawaandikia wazi chini ya jedwali kwamba eneo limepimwa kabla ya kulainisha, maana yuko mtu atakayefungua faili, apige `$area` mwenyewe, aone haijalingana.

Bi Furu

Samahani naingilia. Kuna njia rahisi kuliko hizo zote. Badala ya polygonize, chora kontua ya 0.5 juu ya rasta yenyewe ya 0 na 1. Kingo zinatoka zikiwa zimeshanyooka, hakuna ngazi, hakuna densify. Nimeitumia kwa mafunjo upande wa Misungwi na ramani ilikubalika.

Mchoraramani

Dada, njia hiyo ni nzuri ila juu ya rasta isiyo sahihi. Kontua inachukulia thamani iko katikati ya pikseli, kisha inavuta mstari wa moja kwa moja hadi katikati ya jirani. Kati ya 1 na 0, nusu ya njia ni mita 5. Pikseli moja peke yake inageuka almasi yenye ncha nne, kila ncha mita 5 kutoka katikati. Pima: ni mita za mraba 50. Umepoteza nusu ya baka kwa hatua moja. Jaribu kwenye faili lako, chagua baka la pikseli moja.

Lakini wazo lenyewe naliheshimu sana, na kama Kipimaziwa anayo rasta ya NDVI aliyoikata kupata 0 na 1, basi hilo ndilo jibu bora kuliko kulainisha. Chora kontua juu ya NDVI kwenye thamani ileile uliyotumia kukata. Hapo mstari haukai nusu ya njia kila mahali. Ukikaa pikseli yenye magugu mazito jirani na maji matupu, unasogea kuelekea maji. Ukikaa kwenye pikseli hafifu, unarudi. Umbo laini linatoka kwenye picha yenyewe. Kama ulikata kwenye 0.3:

```
gdal_contour -fl 0.3 1 -p -amin chini -amax juu ndvi.tif mpaka.gpkg
```

Eneo la poligoni hizo unaweza kulitetea. Kwa aliyeainisha kwa sampuli za mafunzo na daraja nyingi, njia hii haipo, isipokuwa programu yake imemtolea rasta ya uwezekano wa kila daraja.

Bi Furu

Nimeangalia. Kweli, pikseli moja imetoka 50 kamili. Mimi sikuwa na NDVI iliyokatwa, nilikuwa na madaraja matatu: maji, magugumaji, mafunjo. Na hapo kuna jambo ambalo uzi huu haujaligusa. Mafunjo na magugu yanagusana. Nikilainisha kwa `Smooth`, yanapokutana madaraja yote matatu panabaki kitundu kidogo kisicho cha mtu. Kwingine poligoni mbili zinapandana. Jumla ya eneo la madaraja yote haifiki tena eneo la ghuba.

Mchoraramani

Hapo `Smooth` haifai kabisa, kwa sababu kila poligoni inalainishwa kivyake bila kujua jirani yake. Ingiza tabaka GRASS, ambako mpaka wa pamoja ni mstari mmoja unaomilikiwa na pande zote mbili:

```
v.generalize input=mabaka output=laini method=chaiken threshold=5
```

Jina la njia linaandikwa hivyohivyo, chaiken. Mpaka ukisogea, ninachopoteza mimi unapata wewe, na jumla inabaki. Pointi ya kukutana madaraja matatu haiguswi. Eneo la kila daraja bado litabadilika kidogo, kwa hiyo ushauri wa kujaza hekta kwanza uko palepale.

Kipimaziwa, hili linakuhusu pia ingawa una daraja mbili. Mabaka yako yaliyolala ufukweni yamelainishwa na upande wa nchi kavu. Angalia pale Sweya utaona ufa mwembamba kati ya magugu na ufukwe, kana kwamba boti inaweza kupita.

Kipimaziwa

Upo. Nilidhani ni maji.

Mwalo wa Igombe

Wakuu, mimi sina haja na hekta. Tunataka kuweka kizuizi kinachoelea kuzunguka baka moja kubwa lisisambae usiku upepo ukigeuka, na kamba inanunuliwa kwa mita. QGIS inaniambia mzingo ni mita 1,640. Ninunue hiyo?

Mchoraramani

Kama hiyo ni poligoni ya ngazi, usinunue. Kwa urefu mambo yanageuka: eneo la ngazi ni sawa, mzingo wa ngazi si sawa. Ukingo ulioenda mshazari nyuzi 45, ngazi inahesabu kwenda na kupanda, inazidisha mara 1.41. Duara linazidi kama mara 1.27. Hapo ndipo kulainisha kunafanya kazi ya kweli. Na kwa kizuizi hata usifuate kila ghuba ya baka. Tumia `Convex hull` halafu pima mzingo wa hiyo, utapata kamba inayotakiwa kulizunguka, kisha ongeza ya kufungia. Pia magugu hayakai. Tarehe ya picha ikishapita siku kadhaa baka litakuwa kwingine na umbo lingine.

Baba Kulwa

Nimekubali suala la kona nne, nimechora kwenye daftari la mwanangu na kweli zinazidi nne kila mara. Lakini nauliza, mabaka 1,180 ghubani, mangapi ni pikseli moja moja? Hayo mimi ningeyachuja kabla ya yote. `gdal_sieve.py -st 4` na yanaondoka. Ukiyachuja hiyo hasara ya kulainisha karibu inakwisha.

Kipimaziwa

Nimehesabu. Mabaka 412 ni ya pikseli moja. Hekta 4.12.

Mchoraramani

Basi kichujio hicho kitagusa hekta nyingi kuliko kulainisha. Hata hizo 412 peke yake ni mara mbili na nusu ya 1.57 tuliyoibishania kutwa nzima, na `-st 4` inaondoa pia ya pikseli mbili na tatu. Kumbuka pia sieve inajaza matobo madogo ya maji, kwa hiyo jumla inaweza kupungua au kuongezeka. Ukichuja, andika eneo kabla na baada, na kiwango ulichotumia.

Kama yachujwe au la, siwezi kukuamulia nikiwa mezani. Pikseli moja ghubani inaweza kuwa kisiwa cha magugu cha kweli kilichokatika. Inaweza kuwa mtumbwi, au mwanga wa jua kwenye wimbi, au mwani umejaa juu ya maji.

Na niseme jambo moja ambalo ni kubwa kuliko ngazi. Chukulia mpaka wako umekosea nusu pikseli tu, ndani au nje. Baka la hekta 100 lenye umbo la mraba lina mzingo wa kilomita 4, zidisha mita 5, ni hekta 2, asilimia mbili. Baka la Luchelele lina mzingo wa mita 100, zidisha 5, ni mita za mraba 500 kwenye baka la 600. Kwa baka hilo 583 na 600 ni namba moja. Ningeliandika kwenye jedwali "chini ya 0.1" nisiweke desimali zaidi.

Baba Kulwa

Sikubaliani kuyaacha ya pikseli moja. Waopoaji watachoma mafuta ya boti kufuata mtumbwi wa mtu.

Bi Furu

Na mimi sikubaliani kuyafuta. Magugu huongezeka kwa kutoa vichipukizi pembeni, kipande kimoja kikibaki kinaanza upya. Hivyo vidogo ndivyo vya kuwahi. Kwa nini asitoe picha ya tarehe ya jirani, kilichoonekana zote mbili ndani ya eneo hilohilo kibaki, kingine kifutwe?

Mchoraramani

Wazo la tarehe mbili lina uzito kwa vilivyokwama kwenye mafunjo au kwenye mawe. Kwa vinavyoelea katikati ya ghuba halisaidii, vitakuwa vimeshahama, utavifuta vya kweli.

Kipimaziwa

Nimeelewa. Nitafanya hivi: `ha_pikseli` inajazwa kwenye ngazi, jedwali linasoma hiyo, 214.36. Umbo la ramani nitalichukua kwenye kontua ya NDVI kwa sababu ninayo, na upande wa ufukwe nitakata kwa mpaka wa nchi kavu uleule niliotumia kufunika. Yale 412 nayaweka tabaka lake, rangi tofauti, hekta zake mstari wake. Jumamosi naenda na boti ya waopoaji kuanzia Nyegezi, nitapita kwenye machache niliyoyawekea alama nione ni nini. Picha itakuwa na siku tano siku hiyo, kwa hiyo nitaanza na yaliyo karibu na mafunjo.

Mwalo wa Igombe

Hull imetoa mita 1,190. Asante mkuu, umetuokolea kamba.

Baba Kulwa

Kipimaziwa, ukirudi weka hapa mangapi yalikuwa mitumbwi.